Kupima pengo la silikoni kwa barafu, maji yanayochemka na diodi moja

Wanafunzi wa kidato cha sita huniletea daftari lenye mchoro uleule. Pana masanduku mawili yaliyopandana, pembeni yake mawili yaliyoachana kidogo, kisha mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Chini yake wameandika: metali, semikondakta, kihami. Ukiuliza masanduku hayo ni nini hasa, na ile nafasi ya katikati inapimwa kwa kitu gani, wananyamaza. Mchoro ni sahihi, ila hakuna aliyewahi kuuona ukifanya kazi.

Hapa tutaipima hiyo nafasi kwa mikono yetu. Tutatumia multimita ya kawaida na diodi ya silikoni ambayo kwa fundi redio yeyote pale Mwanjelwa huuzwa kwa sarafu. Tarakimu nitakazotoa ni nilizozipata Mbeya mjini. Ukiwa Njombe, Iringa au Kyela kuna namba moja utakayoibadilisha, na nitakuonyesha ni ipi.

Vitu vya kuandaa

Tafuta diodi 1N4007, rilei ndogo ya volti 12 kutoka kwenye stabilaiza iliyoungua, multimita yenye alama ya diodi, nyaya nyembamba, kopo dogo la nyanya lililosafishwa, mafuta ya alizeti, barafu na sufuria. Kipimajoto hakihitajiki, kwa sababu barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka vitakupa nyuzijoto mbili unazozijua bila kupima.

Mafuta ya alizeti ndiyo watu huyaruka, halafu wanashindwa. Ukitumbukiza diodi moja kwa moja kwenye maji, maji yenyewe hupitisha mkondo kidogo kutoka mguu mmoja wa diodi hadi mwingine, na usomaji unaharibika. Mafuta hayapitishi umeme, ila joto yanapitisha. Kwa hiyo diodi inakaa ndani ya mafuta, mafuta ndani ya kopo, na kopo ndani ya maji. Miguu ya diodi isiguse ukuta wa kopo.

Kwanza, masanduku ni nini

Atomu moja ikiwa peke yake, elektroni zake haziwezi kuwa na nishati yoyote tu. Zina ngazi maalumu, na kila nafasi kwenye ngazi hubeba elektroni moja, au mbili ukihesabu ile inayozunguka kinyume. Sheria hiyo ilitolewa na Wolfgang Pauli mwaka 1925. Sasa zisogeze atomu nyingi karibu karibu ziwe kipande kimoja cha madini. Ngazi iliyokuwa moja kwa kila atomu haiwezi kubaki moja, maana elektroni za majirani zinaanza kuchangia nafasi zilezile, na sheria inakataa. Ngazi inapasuka kuwa ngazi nyingi zilizobanana mno, idadi sawa na idadi ya atomu. Msongamano huo wa ngazi ndio ukanda, na ndio sanduku la kwenye mchoro. Kati ya ukanda mmoja na unaofuata huenda pakabaki eneo lisilo na ngazi hata moja. Hilo ndilo pengo.

Chukua dumu la lita 5. Lijaze maji pomoni, lifunge, kisha liinamishe. Hakuna kinachohama: upande wa kulia umejaa, wa kushoto umejaa, maji hayana pa kwenda. Sasa mwaga nusu na uliinamishe tena. Maji yote yanakimbilia upande wa chini. Betri unayoiunga kwenye waya ni kule kuinamisha. Ukanda uliojaa kabisa hautoi mkondo hata kidogo, ijapokuwa umejaa elektroni, kwa sababu kwa kila elektroni inayokwenda kulia iko nyingine inayokwenda kushoto, na hakuna nafasi tupu karibu ambayo ingeruhusu zile za kushoto zigeuze. Ukanda uliojaa nusu hutoa mkondo kwa volti ndogo mno.

Jambo hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote, kwa maana vitabu vingi vya shule husema tu kwamba kihami "hakina elektroni huru", kama vile elektroni zimefungwa kamba kwenye atomu. Felix Bloch alionyesha mwaka 1928 kwamba ndani ya fuwele iliyopangika elektroni husambaa kama wimbi kupitia atomu zote, hata kwenye kihami. Miaka mitatu baadaye Alan Wilson akaeleza tofauti iko wapi: si kwamba elektroni za kihami zimefungwa, ni kwamba ukanda wao umejaa na ule wa juu yake uko mbali.

Shaba ina elektroni moja ya nje kwa kila atomu, na ukanda wake wa juu una nafasi mbili kwa kila atomu. Dumu limejaa nusu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunibana: "Shikamoo mwalimu. Zinki iliyopakwa kwenye mabati ina elektroni mbili za nje. Si ukanda ungejaa, na bati lisipitishe umeme?" Ni swali zuri kweli. Kwa zinki, ukanda uliopaswa kujaa na ule wa juu yake vimeingiliana, kwa hiyo elektroni hazijazi wa chini kabisa kabla ya kuanza kumwagikia wa juu, na kanda zote mbili zinabaki na nafasi tupu. Ndiyo maana kwenye mchoro wa metali masanduku yamepandana.

Hatua ya kwanza: rilei, yaani shaba

Vunja ganda la plastiki la rilei, ubaki na koili. Unganisha nyaya kwenye ncha zake, itumbukize ndani ya kopo lenye mafuta, kisha weka kopo ndani ya bakuli la barafu iliyopondwa na maji kidogo. Barafu iwe ya maji matupu bila chumvi, maana chumvi huishusha chini ya nyuzi 0. Subiri hadi namba kwenye multimita isimame bila kubadilika kwa dakika mbili. Mimi nilipata omu 368.

Hamishia kopo kwenye sufuria ya maji yanayochemka, mafuta yote yawe chini ya usawa wa maji ya nje, na ufunike juu kwa kitambaa. Subiri tena. Nilipata omu 514.

Ukinzani umepanda kwa karibu asilimia 40. Joto halikuongeza elektroni za kusafiri, kwani shaba ilikuwa na karibu moja kwa kila atomu tangu mwanzo na bado iko nayo hiyohiyo. Kilichobadilika ni njia. Atomu zinatikisika zaidi, na wimbi la elektroni linatawanywa mara nyingi zaidi. Taa ya zamani ya waya ya wati 100 inaonyesha jambo hilihili kwa nguvu. Ikiwaka kwa volti 230, hesabu inakupa omu 529, lakini ukiipima ikiwa imepoa unapata kama omu 40 tu.

Hatua ya pili: diodi

Weka multimita kwenye alama ya diodi. Hapo mita husukuma mkondo mdogo, kwa kawaida kama miliampia 1, na kukuonyesha volti iliyohitajika kuupitisha. Waya mwekundu uende mguu usio na pete ya rangi ya fedha, mweusi uende mguu wenye pete. Ukigeuza, mita haitasoma chochote.

Kabla ya kupima, elewa unachopima. Silikoni ina ukanda uliojaa, juu yake pengo, na juu ya pengo ukanda ulio tupu. Kwenye baridi kali kabisa hilo ni dumu lililojaa chini ya dumu lisilo na tone. Joto linapopanda, elektroni chache hurushwa kutoka la chini hadi la juu. Zile zilizofika juu zinasafiri, na nafasi zilizoziacha chini nazo zinasafiri, kama kiputo cha hewa ndani ya dumu lililojaa kinavyohama kinyume cha maji. Kiputo hicho mafundi na walimu wanakiita tundu.

Idadi yake ni ndogo ajabu. Katika silikoni safi, kwenye joto la kawaida la chumba, ni elektroni moja hivi kwa kila atomu trilioni 5. Lakini idadi hiyo hukua upesi: hujirudia mara mbili kila unapoongeza nyuzi 8 au 9. Kutoka barafu hadi maji ya kuchemka hapa Mbeya inakua zaidi ya mara 1,000. Ule mtikisiko wa atomu uliopandisha ukinzani wa shaba kwa asilimia 40 uko pia ndani ya silikoni, ila unafunikwa kabisa na ongezeko hilo.

Kwa nini basi tusipime ukinzani wa kipande cha silikoni? Kwa sababu silikoni ya madukani si safi. Imewekewa fosforasi au boroni kwa makusudi, na hizo huipa elektroni au matundu bila kuvuka pengo. Kipande kama hicho, kwenye nyuzi zetu hizi, kinaweza hata kupanda ukinzani kikipashwa, mfano wa metali, na ukabaki umechanganyikiwa. Diodi inaepuka mtego huo. Ndani yake upande wenye elektroni za ziada umekutana na upande wenye matundu, na pale zinapokutana kuna kilima ambacho elektroni lazima ipande ili ivuke. Kimo cha kilima hicho hakiwezi kuzidi sana upana wa pengo, na kwenye baridi kali kinaukaribia.

Volti ya mita hukipunguza kilima. Kinachobaki, joto ndilo linalozirusha elektroni juu yake. Fikiri ni nauli inayolipwa na wawili. Joto likiwa jingi, mita inachangia kidogo. Joto likipungua, mita inachangia zaidi. Na kama joto lingekuwa sifuri kabisa, nyuzi 273 chini ya barafu, mita ingelipa nauli yote peke yake. Hiyo nauli yote ndiyo pengo.

Pima sasa. Kwenye barafu nilisoma volti 0.642. Kwenye maji yanayochemka nilisoma 0.440. Usishangae yako ikitofautiana kwa milivolti 20 au 30, kwa kuwa mita hazisukumi mkondo sawasawa. Muhimu ni kutumia mita ileile na diodi ileile pande zote mbili.

Hatua ya tatu: hesabu

Hapa ndipo namba ya kubadilisha inapoingia. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 huku kwetu. Kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi, na kiwango cha kuchemka hushuka kwa takribani nyuzi 1 kila mita 300. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yanachemka karibu nyuzi 94. Njombe iko juu zaidi, weka 93.5. Iringa mjini weka 94.5. Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, weka 98.

Tofauti ya volti ni 0.642 kutoa 0.440, yaani 0.202. Igawe kwa nyuzi 94, unapata 0.00215. Ina maana kila nyuzi moja ya joto inaipunguzia mita milivolti 2.15. Sasa rudi nyuma kutoka barafu hadi sifuri kabisa, nyuzi 273:

```
0.642 + (273 x 0.00215) = 1.23
```

Volti 1.23. Elektroni moja iliyosukumwa na volti 1 hupata nishati ya elektronivolti 1, kwa hiyo pengo letu ni elektronivolti 1.23. Thamani ya silikoni inayokubalika ni 1.12 kwenye joto la chumba, na 1.17 karibu na sifuri kabisa. Kwa kopo la nyanya na mafuta ya alizeti, hiyo si mbali hata kidogo.

Ile ziada ya 0.06 ina sababu, usiitupie mita lawama zote. Tumechora mstari ulionyooka hadi sifuri kana kwamba kila nyuzi ina uzito uleule njia nzima. Kwa kweli joto linapopanda, idadi ya ngazi ambazo elektroni inaweza kuzifikia huko juu nayo inaongezeka, kwa hiyo mstari umepinda kidogo, na ukiunyoosha kutokea upande wa joto unatua juu kidogo ya pengo halisi.

Jambo moja la kuangalia kwa makini. Mtu akisahau urefu wa Mbeya na kuweka nyuzi 100, atapata 1.19, na atafurahi kwa sababu imekaribia zaidi namba ya kitabu. Asifurahi. Makosa mawili yamevutana kinyume, basi. Mwanafunzi anayeandika 1.23 na kueleza ziada imetoka wapi anaielewa silikoni kuliko anayeandika 1.19 bila kujua.

Yanayoharibu vipimo

La kawaida ni kukosa subira. Mafuta huchukua muda kupata joto la maji, na kopo lililochomoza juu ya maji hupoteza joto kwenye hewa ya baridi, hasa asubuhi za Juni na Julai. Utalitambua hili kwa koili ya rilei: shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.43 ya ukinzani wake wa barafuni kwa kila nyuzi. Ikiwa kutoka barafu hadi kuchemka imepanda asilimia 35 badala ya 40, mafuta yako yamefika nyuzi 82 tu, na diodi iliyo ndani yake vilevile. Ndiyo maana nashauri koili na diodi vikae kopo moja, kila kimoja na nyaya zake. Koili inakuwa kipimajoto chako.

La pili ni betri ya multimita iliyochoka, inayopunguza mkondo katikati ya kazi. Rudisha kopo kwenye barafu mwishoni. Ikiwa hupati tena 0.642 ile ya mwanzo, au karibu nayo kwa milivolti 2, badilisha betri na uanze upya. Nyaya ndefu hazina madhara makubwa hapa, kwa maana omu 1 ya waya inaongeza milivolti 1 tu.

Hatua ya nne: glasi, ambayo haitasoma kitu

Bana kipande cha glasi kavu kati ya vidole vya mita, kwenye kipimo kikubwa kabisa cha omu. Mita itaonyesha OL, au 1 upande wa kushoto kwa zile za bei nafuu. Ipashe kwa maji yanayochemka, uikaushe, upime tena. OL vilevile.

Mantiki ni ileile ya silikoni, ila pengo ni pana. Kwenye glasi ni kama elektronivolti 9. Chukua almasi, ambayo pengo lake ni dogo zaidi, 5.5 tu, mara tano hivi ya silikoni. Mtu angedhani elektroni zinazovuka zingepungua mara tano. Sivyo, kwa sababu kila nyongeza ndogo ya pengo huzidisha upungufu badala ya kuujumlisha. Ukiifanya hesabu kwa almasi safi kwenye joto la chumba, inakuambia kwamba ndani ya almasi kubwa kama dunia nzima ungekuta elektroni moja hivi iliyorushwa juu kwa joto. Tofauti ya silikoni na almasi ni upana wa pengo tu, wala si aina. Ukanda wa chini umejaa kote kuwili.

Kwa hiyo mita ikisoma kitu kwenye glasi, usiseme umeona elektroni zikivuka pengo. Ukipulizia glasi pumzi, au ukiipima asubuhi yenye ukungu wa Uporoto, mita inaweza kuonyesha megaomu kadhaa. Huo ni unyevu wa juu juu, na umeme unapita kwenye maji na uchafu ulioyeyuka ndani yake. Vikombe vya kaure kwenye nguzo za umeme vimetengenezwa na mikunjo kwa sababu hiyohiyo, ili njia ya unyevu kutoka waya hadi nguzo iwe ndefu na sehemu yake ibaki kavu chini ya mkunjo. Nayo glasi ikipashwa moto sana, mamia ya nyuzi, inaanza kupitisha umeme kweli, lakini wanaosafiri ni chembe za sodiamu zenye chaji zinazojipenyeza polepole ndani ya glasi iliyolegea. Elektroni zake bado zimekaa kwenye ukanda uliojaa. Futa glasi kwa kitambaa kikavu, iache juani robo saa, kisha upime tena.